Ndoo Thelathini na Saba na Nusu

Alfajiri ya Jumatatu moja ya mwezi wa Julai, wakati ambapo baridi ya Mbeya hushuka kutoka mlima Loleza ikatua juu ya mabati na nyasi, nilichutama mbele ya kisanduku cha mita ya maji kilichoko pembeni mwa ukuta wetu, nikafuta umande juu ya kioo chake kwa kidole gumba, nikaandika katika daftari la shule tarakimu nilizoziona: nyeusi 412, nyekundu 318. Tarakimu nyeusi ni yuniti, na yuniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita ishirini. Na nyekundu ni lita zilizokwisha kupita katika yuniti ambayo bado haijatimia. Kwa miaka mingi nilikuwa nikilipa bili bila ya kuyajua haya, nami sidhani kama niko peke yangu, maana bili humwambia mtu jumla ya maji aliyotumia ilhali haimwambii asilani maji hayo yalipitia mlango gani.

Nia yangu ilikuwa kuupata mlango huo. Nyumbani tu watu sita: mimi na mke wangu, mama yangu mzazi, na watoto watatu wanaosoma shule, na azma tuliyokubaliana mezani ilikuwa kupima juma zima, siku saba kamili, kwa kuwa siku moja haiwezi kuwa shahidi wa nyumba yenye siku yake ya kufua na siku yake ya kupokea wageni. Juma lililotangulia usomaji huo tulikuwa tumeliacha lipite bila ya kulihesabu, kwani mtu anayejua kwamba anatazamwa hufunga bomba mapema kuliko desturi yake, na aghalabu siku mbili tatu zinatosha kwa mazoea kurudi mahali pake.

Kwanza ilibidi kuliondoa jambo moja ambalo humpotosha kila mwenye simtanki. Mita hupima maji yanayoingia nyumbani, haipimi yanayotumika. Kwa hiyo ikiwa siku ya kwanza tangi lilikuwa tupu na siku ya mwisho limejaa, utajihesabia lita elfu ambazo hujazigusa. Dawa yake ni nyepesi: nilichora mstari kwa chaki ubavuni mwa tangi siku ya kwanza, na siku ya mwisho nikasubiri mpaka maji yaliporejea kwenye mstari ule ule ndipo nikaisoma mita. Kadhalika, maji yakirudi baada ya kukatika, mabomba hutanguliza upepo, na upepo nao huizungusha mita. Basi juma lenye mgao mwingi si juma la kupimia.

Kazi iliyosalia ilikuwa ya ndoo na kopo la lita moja. Ili kujua choo kinakunywa kiasi gani, nilifunga koki iliyo nyuma yake, nikavuta maji mara moja, kisha nikalijaza tangi lake kwa mkono, kopo baada ya kopo, hata likafika kwenye alama ya zamani: makopo tisa. Kwa mpira wa bustani niliweka ndoo chini yake nikatazama saa. Ikajaa kwa sekunde 70, maana yake lita 17 kwa dakika, na mpira uliosahauliwa kwa muda wa saa moja umekwisha kumwaga yuniti nzima. Kwa vyombo, mama aliweka ndoo ndani ya sinki ili kila tone lililopita lihesabike, na ukutani jikoni tulibandika karatasi ambayo kila aliyevuta choo, aliyeoga au aliyefua alichora juu yake kijistari.

Siku ya nane mita ilisomeka 417 na 568. Zilikuwa zimepita lita 5,250, ambazo zikigawanywa kwa siku saba ni lita 750 kwa siku, yaani ndoo thelathini na saba na nusu. Mama, aliyekulia Rungwe katika enzi ya kuchota mtoni kwa mtungi, aliniomba nirudie hesabu. Niliporudia akanyamaza kitambo, kisha akasema, “Mwanangu, hizo ndoo ningezibeba mimi, nisingefika jioni.”

Vijistari vya karatasini vilitupa mgawanyo ambao haukufanana na dhana zetu. Mimi nilidhani kuoga ndiko kunakotumaliza. Kumbe katika nyanda zetu za baridi, ambako maji ya kuoga huinjikwa jikoni kisha yakachanganywa ndani ya ndoo, mtu hutumia kama lita 18, na sote sita tulioga kwa lita 110 tu. Aliye na hita na bomba la mvua hana salama hiyo, kwa sababu hutangulia kuyamwaga maji baridi akingojea ya moto yafike, na hayo ya kungojea hayamsafishi yeyote. Choo, kwa mivuto ishirini ya lita tisa tisa, kilichukua 180. Bustani ya kabichi na figiri, inayonyeshewa mara tatu kwa juma dakika ishirini ishirini, ilitoka kwa wastani wa 145 kwa siku. Kufua kulikuwa 85. Kupika, kunywa na vyombo 85 vingine. Kunawa, kudeki na kuku 35. Jumla yake ni 640.

Hapo ndipo daftari lilipoanza kuwa na thamani, kwa sababu mita ilisema 750. Lita 110 zilikuwa zimepita kila siku bila ya mtu kuzitumia.

Pengo la namna hii huwa na sababu mojawapo ya mbili, ama watu wamesahau kuchora vijistari ama maji yanavuja, na zinapambanuliwa usiku, wakati wa kulala, ambapo hakuna wa kusahau. Saa nne za usiku nilisoma mita, nikamwomba kila mtu asiguse maji, nami nikaisoma tena saa kumi na moja alfajiri. Zilikuwa zimepita lita 35 katika saa saba, lita tano kila saa. Ukizidisha kwa ishirini na nne utapata 120, nambari iliyo jirani sana na lile pengo, na hiyo ziada ya kumi haikunitia shaka, maana usiku, majirani wote wakiwa wamefunga mabomba yao, msukumo wa maji huwa mkubwa kuliko mchana na uvujaji nao huongezeka. Anayezidisha hesabu ya usiku kwa siku nzima sharti ajue kwamba amezidisha kidogo kuliko haki. Wala si lazima kusubiri saa saba ili kuona dalili. Katika uso wa mita yetu mna kigurudumu kidogo chenye meno, ambacho huzunguka hata kwa mchirizi mwembamba. Mabomba yote yakiwa yamefungwa na kigurudumu kikazunguka, kuna mahali panapovuja.

Tulikagua bomba la uani, pakavu. Tukakagua chini ya sinki, pakavu. Ndipo nilipochemsha kahawa ya Mbozi nzito, nikaiacha ipoe, nikaimimina ndani ya tangi la choo na kukataza mtu asivute. Baada ya nusu saa, katika bakuli jeupe la choo, mlikuwa na mstari wa hudhurungi mwembamba kama uzi, ukiteremka taratibu bila ya sauti hata chembe. Mpira wa kuzibia ulioko chini ya tangi ulikuwa umekakamaa na kupasuka ukingoni. Fundi bomba alipokuja aliubonyeza baina ya vidole viwili ukamegeka. “Huu umekufa zamani, mzee,” alisema, akatia mwingine kwa muda usiozidi robo saa.

Sasa suala la lengo, ambalo ndilo wengi hulikosea, kwa kutamka nusu au robo kabla ya kujua wanaipunguza wapi. Sisi tuliyatenga kwanza yale yasiyoguswa: maji ya kunywa, ya kupikia, ya kuoga na ya kunawa mikono hayamo katika mapatano. Yaliyobaki tuliyapanga hivi: uvujaji, 110, bustani, kwa kuinyeshea jioni kwa kopo shinani badala ya mpira, na kuipa maji ya suuza ya mwisho yasiyo na sabuni nzito, 70, na choo, kwa kutumbukiza ndani ya tangi chupa ya lita moja na nusu iliyojazwa maji, 30. Hiyo ni 210, na ingeliwezekana kutamka kwamba tutashuka hadi 540. Lakini hesabu ya karatasini haina wageni, haina ugonjwa wa mtoto, wala haina kilele cha kiangazi. Kwa hiyo tuliandika 600, pungufu kwa sehemu moja ya tano, yaani lita 100 kwa kila mtu.

Wakati tungali katika hayo nilisafiri kwenda Iringa kumtazama dada yangu, anayeishi Kihesa na watu wanne wengine katika nyumba isiyo na bomba ndani. Mji ule umekaa juu ya mwinuko, na maji yake hutoka mto wa Ruaha Mdogo huko Ndiuka, bondeni, yakapandishwa kwa pampu. Dada huyapata katika bomba la jirani, kwa dumu. Kupima kwake hakukuhitaji mita, kwani kila asubuhi yeye huhesabu: madumu tisa, lita 180, lita 36 kwa mtu. Na maji yale hufanya kazi mara mbili. Ya suuza hudeki sakafu, na ya kudeki huishia chooni. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa ya mwaka 2003, lilikadiria kwamba lita 20 kwa mtu ni kiasi kinachotosha mahitaji ya awali tu, 50 zina nafuu ya wastani, na 100 ndizo zinazotosheleza yote. Nilipofungua daftari langu mbele ya dada nilijiona sina la kumwelekeza; mwenye 36 hapaswi kuwekewa lengo la kupunguza, bali la kuongeza dumu moja karibu na mlango wa choo, la kunawia.

Tofauti hii baina ya nyumba yenye bomba na isiyo nalo ilikwisha kupimwa tangu zamani katika Afrika Mashariki. Gilbert White, David Bradley na Anne White walitoa mwaka 1972 kitabu kilichotokana na kupima maji ya kaya za Kenya, Uganda na Tanzania katika miaka ya sitini. Na watafiti waliorudi kwenye maeneo yale baada ya takriban miaka thelathini walikuta kwamba wenye mabomba wanatumia karibu nusu ya walivyotumia mwanzo, na wasio na mabomba karibu mara mbili. Wenye mabomba hawakuwa wamejifunza kubana. Sababu kubwa ni kwamba maji yalikuwa yakikatika. Kwa hiyo nambari inayoshuka yataka iulizwe imeshushwa na nini.

Mwisho wa Septemba, bado kiangazi, tulipima tena, kwa maana kulinganisha Julai na Machi, mvua zinaponyesha bustani bure, kungekuwa kujidanganya. Ilikuwa 620 kwa siku. Chupa nilikwisha kuitoa, kwa kuwa choo chetu ni cha zamani na watoto walilazimika kuvuta mara mbili. Bustani ilitupa 45 badala ya 70, udongo ukiwa umekauka kuliko Julai. Na usiku mita ilikuwa bado inapitisha lita saba kwa saa saba: kidogo, lakini kigurudumu kinazunguka. Choo nimekipima tena kwa kahawa, kiko safi. Nimepanda ngazi nikasikiliza simtanki, na boya lake, hata tangi likijaa, halifungi barabara, maji yakichuruzika polepole kwenye bomba la kufurikia na kupotelea nyuma ya ukuta kwenye migomba. Fundi anakuja Jumamosi.