Mgongo wa Seiko Unasema Nini

Muuzaji wa saa kuukuu akikuambia Seiko yake ni ya zamani na ni orijino, usibishane naye. Igeuze usome mgongoni.

Tuchukue saa ya wapiga mbizi ambayo wapenzi wa saa bado wanaisaka, Seiko 6309-7040, iliyotengenezwa kuanzia 1976 hadi 1988. Kwenye mfuniko wa nyuma, kuzunguka mchoro wa wimbi, pana namba mbili. Ya kwanza ni ya modeli: 6309 ndiyo mashine iliyomo ndani, 7040 ndilo kasha. Ya pili ni namba ya mfululizo, yenye nafasi sita, na humo ndimo umri ulimofichwa.

Tuseme imeandikwa 1N0342. Nafasi ya kwanza ni tarakimu ya mwisho ya mwaka, ya pili ni mwezi. Januari hadi Septemba ni 1 hadi 9; Oktoba ni O, Novemba N, Desemba D. Basi hii ni ya Novemba, mwaka unaoishia na 1. Muongo hautajwi, ila kati ya 1976 na 1988 mwaka wa namna hiyo ni mmoja tu, 1981. Ingeanza na 7, ungebaki na 1977 na 1987, na namba peke yake isingekuamulia.

Hapo umejua umri wa mfuniko, si wa saa. Mfuniko hufunguka kwa skrubu, na wapo wanaouhamisha. Kwa hiyo tazama chini kabisa ya uso wa saa, penye maandishi madogo yanayohitaji lenzi: nayo yaanze na 6309. Kisha mwombe fundi saa afungue. Kile kipande kizito kinachozunguka ukitikisa mkono kinapaswa kuandikwa 6309A. Ukikuta 7S26, hiyo ni mashine iliyokuja miaka ya 1990, na saa ya 1981 haikuzaliwa nayo. Huenda ikakufaa kwa kuvaa, lakini usiilipie bei ya ile nzima.

Mtego mbaya zaidi ni ule unaolingana. Mashine ya 6309 ilitumika pia katika Seiko nyingine za kawaida, na haina namba ya mfululizo ya kuoanishwa na kasha. Omega nyingi za zamani, kwa mfano, zina namba hiyo kwenye mashine yenyewe. Kwa Seiko, namba zikipatana zinathibitisha aina tu. Hazithibitishi kwamba vitu hivyo vilitoka kiwandani pamoja.

Angalia na uchakavu. Wimbi likiwa limelika kabisa huku namba zilizo kando yake zikiwa kali kama za jana, mimi nisingeinunua.

Na ikishafunguliwa, usiogelee nayo mpaka fundi abadilishe mpira wa kuzuia maji na kuipima.