Kamba ya Fundi wa Keko

Katika karakana moja ya Keko, Dar es Salaam, fremu ya mlango imelazwa chini, upana sentimita 90, urefu 210. Gundi bado mbichi. Fundi anachukua kamba yake yenye mafundo matatu, iliyofungwa duara: kutoka fundo hadi fundo ni sentimita 60, kisha 80, kisha 100. Ni tatu, nne na tano, kila moja mara ishirini.

Anaweka fundo la kwanza penye kona, anapima 60 kwenye kizingiti cha juu na 80 kwenye mwimo, na kutia alama za penseli. Kipande cha 100 kikivutwa kati ya alama hizo, hakifiki. Kimepungua sentimita 1.

“Si kidogo hiyo, fundi?” anauliza mwanafunzi wake.

“Teremka mpaka chini ya mwimo uone.”

Kweli, kona imefunguka kupita nyuzi 90, na kosa hilo dogo linausogeza mguu wa mwimo zaidi ya sentimita 4. Mlango wa namna hiyo ungekwaruza. Fundi anausukuma mwimo kwa ndani taratibu hadi mafundo yakae juu ya alama, kisha anapigilia ubao wa mshazari ili fremu isipinde ikibebwa.

Kamba yenyewe huidai uangalifu: ya katani hubadilika urefu ikilowa. Ndiyo maana humalizia kwa futi, akipima kona kwa kona. Mishazari yote miwili inasoma sentimita 228 na nusu.