Raha Imeondoka, Macho Yamebaki

Asubuhi moja, nikiwa ndiyo kwanza nafungua duka la dawa hapa Ganjoni, Mombasa, mama mmoja wa mtaani aliingia akaniomba vidonge vya usingizi. Havikuwa vyake.

"Ni vya kijana wangu," akasema. "Anaendesha tuktuk. Usiku kucha yuko macho, asubuhi amenuna, ukimsemesha anakuwakia. Mchana analala jasho linamtiririka, akiamka amechoka kuliko alivyolala. Mimi naona kuna mkono wa mtu."

Nikamwuliza, "Mama, anatafuna?"

Akanyamaza kidogo. "Muguka. Lakini si sana, mwanangu. Jioni tu."

Sikumpa vidonge. Nilimwomba anitumie kijana mwenyewe, naye akaja jioni ile ile. Alichonieleza nimekisikia kwa wengi kuanzia Mji wa Kale hadi kivukoni Likoni. Stimu ikikatika, moyo unaanguka, mwili unakuwa kama umepigwa, na usingizi ambao mtu anauhitaji kuliko kitu chochote unamkataa. Swali lake lilikuwa la maana sana: "Kama dawa imeisha mwilini, mbona silali? Na kama haijaisha, mbona nina huzuni?"

Jibu ni kwamba haziishi pamoja. Kwenye jani lile mna dawa mbili, na kila moja ina saa yake ya kuondoka.

Muguka wa Embu na miraa ya Meru ni mti mmoja, tofauti ni aina na namna ya kutafunwa: muguka huliwa majani, miraa huliwa zaidi maganda ya vijiti vichanga. Ya kwanza katika dawa hizo mbili ni kathinoni, iliyotambuliwa na wanakemia wa maabara ya Umoja wa Mataifa mwaka 1975. Hiyo ndiyo inayoleta raha, maneno mengi na mipango mikubwa barazani. Ya pili ni kathini, iliyojulikana miaka mingi kabla yake. Hiyo ni dhaifu zaidi kwa raha, lakini inajua kuchangamsha moyo, kupandisha presha na kuweka macho wazi. Jani likianza kunyauka, kathinoni yake hubadilika, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni kathini na nduguze. Ndiyo sababu magari ya miraa hukimbia vile barabarani. Jani la siku mbili tatu, mnunuzi analikataa kwa kulitazama tu, na kikemia yuko sahihi.

Sasa tuhesabu usiku wa kijana huyu. Alikuwa akianza kutafuna saa kumi jioni na kutema bonge la mwisho saa nne usiku. Vipimo vya damu vya watu waliotafuna vimeonyesha kwamba kathinoni hupungua kwa nusu kila saa moja na nusu hivi. Kathini huchukua kama saa tano kupungua kwa nusu. Watu hutofautiana, na tofauti ni kubwa, lakini tushike hesabu hiyo. Akitema saa nne, kathinoni yake itakuwa nusu saa tano na nusu, robo saa saba, na kufikia saa kumi alfajiri imebaki kama sehemu moja katika kumi na sita. Saa hiyo hiyo ya alfajiri, kathini ingali karibu nusu ya ilivyokuwa alipotema.

Basi tazama mtu huyu saa kumi alfajiri. Kilichokuwa kikimfurahisha kimekwisha. Kinachompigisha moyo na kumkodoa macho kingalipo. Yuko kitandani, anasikia mapigo ya moyo wake kwenye mto, anakumbuka madeni yake na kila neno baya aliloambiwa mwaka huu, na adhana ya alfajiri inamkuta hivyo hivyo. Haya hayana haja ya mkono wa mtu.

Lakini kuisha kwa raha ni jambo moja, na kushuka chini ya ulivyokuwa kabla ya kutafuna ni jambo jingine. Hapa tuingie ndani ya ubongo kidogo.

Seli za ubongo hupelekeana ujumbe kwa kemikali. Mojawapo ni dopamini, inayohusika na hamu, bidii na kuona kwamba jambo fulani lina maana. Nyingine ni noradrenalini, ya kuwa macho na tayari. Kawaida seli humwaga kiasi kidogo, ujumbe unafika, kisha pampu ndogo ukutani mwake huirudisha ndani ikatumike tena. Sisi wa kisiwani tunaelewa mambo ya tangi. Maji ya mfereji huja kwa zamu, unayapandisha kwenye tangi la paani, unayatumia kwa kipimo. Kathinoni huingia kwa mlango wa pampu ile na kuifanya ifanye kazi kinyume. Badala ya kurudisha dopamini ndani, inaitoa nje. Nyumba nzima inafurika maji, na kwa saa chache kila kitu kinaonekana kizuri. Asubuhi tangi limepungua sana, na mfereji unajaza polepole, kwa sababu seli hutengeneza dopamini kwa kiasi chake tu, hata umlishe mtu nini.

Kuna na jambo la pili, ambalo kwa mtafunaji wa kila siku naliona zito zaidi. Seli zinazopokea ujumbe, zikipigiwa kelele kwa muda mrefu, hujiziba masikio. Hupunguza vipokezi vyake, au vipokezi vinakuwa vizito kuitika. Jambo hili limeonekana wazi kwenye picha za ubongo za watumiaji wa methamfetamini, ambayo ni kali mno kuliko miraa. Kwa miraa ushahidi wa aina hiyo ni mchache, kwa hiyo sisemi kwamba kiasi ni kile kile. Njia lakini ni moja. Dopamini ikirudi kwenye kipimo chake cha kawaida, masikio yaliyozibwa huisikia kama mnong'ono. Chakula hakina ladha. Maneno ya mama yanakera. Kuwasha tuktuk na kwenda kusimama stejini kunaonekana kama kupanda mlima. Yeye anadhani amekuwa mvivu, na watu wa nyumbani nao wanamwita hivyo, jambo linaloniuma kila ninapolisikia.

Uchovu wenyewe una sababu nyingine, rahisi kidogo. Tangu tunapoamka, ubongo hukusanya kemikali iitwayo adenosini, na kadiri inavyorundikana ndivyo usingizi unavyokuwa mzito. Kichangamshi hakiifuti. Kinapiga kelele juu yake tu. Deni la usingizi linaendelea kuandikwa usiku kucha, na kelele ikinyamaza linadaiwa lote kwa mkupuo. Ongeza kwamba jani huua hamu ya kula. Kijana huyu alikuwa hajala kitu cha maana tangu mchana ila karanga na soda.

Mbona basi akilala saa mbili asubuhi hapumziki? Kwa sababu mwili una saa yake ya ndani, inayofuata mwanga wa jua. Asubuhi saa hiyo huanza kupandisha joto la mwili na homoni za kuamka. Mtu anajaribu kulala wakati mwili unafungua duka, ndani ya chumba chenye joto la Mombasa, nje honi. Anapata vipande vipande. Na ndani ya vipande hivyo mna shida nyingine: vichangamshi vya ukoo huu hukandamiza usingizi wa ndoto, na vikiondoka usingizi huo unarudi kwa nguvu kudai nafasi yake. Ndoto zinakuwa nyingi, kali, za kutisha. Wanaoacha miraa baada ya kuizoea wamekuwa wakieleza ndoto mbaya za mara kwa mara, pamoja na uchovu, huzuni kiasi na kutetemeka kidogo. Kijana wangu alikuwa akiota anaanguka baharini na tuktuk yake.

Alichokuwa akifanya kujitibu ndicho kilichomfunga. Saa tisa alasiri, akiwa mzito, anakunywa kahawa tungu. Kafeini huzuia adenosini isisikike, na nusu yake hudumu mwilini saa tano hivi. Saa kumi anazimua kwa muguka mpya, na huzuni inaondoka kama iliyofutwa kwa kitambaa. Hapo ndipo anapoamini kwamba muguka ni dawa ya huzuni yake, kumbe tangi lililojaa nusu linamwagwa tena. Wenzake wengine hutafuta vidonge vya usingizi au pombe ili kushuka. Pombe inaangusha mtu haraka, halafu inamwamsha usiku wa manane. Vidonge kama daiazepamu huzoeleka upesi, na vikichanganywa na pombe vinaweza kupunguza pumzi mpaka isimame. Ndiyo maana mama yule aliondoka mikono mitupu.

Kilichonitia hofu zaidi ni barabara. Aliniambia mara mbili aliona "giza la sekunde" akiwa na abiria kuelekea Likoni. Huo ni usingizi wa kufumba na kufumbua, nao huja hata macho yakiwa wazi. Nilimwambia asubuhi za namna hiyo asishike usukani, hata kama anajiona yuko sawa.

Mwezi Mei 2024, gavana wetu Abdulswamad Nassir alipopiga marufuku muguka katika kaunti, Kilifi na Taita Taveta zikamfuata, Rais Ruto akasema amri hizo hazina nguvu na mahakama ya Embu ikazisimamisha, mjadala mwingi ulikuwa juu ya kodi, wakulima na mamlaka ya nani. Sikusikia mtu akiwaeleza vijana kwamba wiki ya kwanza bila jani ndiyo mbaya, na kwamba inapita. Wengi hurudi siku ya tatu wakidhani hiyo ndiyo hali yao mpya ya maisha.

Mimi na kijana tukakubaliana hivi. Aache siku ambayo hana kazi siku mbili zinazofuata. Ale jioni, hata bila hamu. Aamke saa moja asubuhi kila siku, hata kama amelala saa mbili tu, atoke juani. Kahawa mwisho saa sita mchana. Siku mbili za mwanzo alilala kama gogo na kula sana. Siku ya tatu na ya nne alikuwa hasemeki. Ndoto zilimwandama mpaka siku ya sita.

Mama nilimpa la kuangalia yeye. Huzuni ya stimu kukatika hupungua siku hata siku, na mtu anaanza kucheka kabla hajapata nguvu zote. Ikipita wiki mbili haijalegea, huo waweza kuwa ugonjwa wa huzuni unaotaka matibabu yake, na huenda ulikuwepo kabla ya jani. Na kama anasikia sauti zisizokuwepo, anaamini watu wanamfuata, au anazungumzia kufa, mama asihesabu siku. Ampeleke siku hiyo hiyo, usiku au mchana, Hospitali Kuu ya Pwani au Port Reitz.

"Na hilo la mkono wa mtu?" akauliza.

Nikamwambia asubiri siku kumi kwanza. Siku ya tisa alipita dukani kununua sabuni, akaniambia kijana amelala tangu saa nne usiku, na amemwacha bado amelala.