Jicho Dogo na Jicho Kubwa: Lipi Lina Tatizo?

Msimu wa harusi ukikaribia, maswali ya wasomaji hubadilika. Malaria na kisukari hupumzika kidogo, na sanduku langu hujaa picha za nyuso zilizopigwa kwa simu, zikiwa na mishale na duara nyekundu. Jicho langu la kulia ni dogo. Nikitabasamu mdomo unapanda upande mmoja. Shangazi anasema ni kwa sababu utotoni nililazwa ubavu mmoja. Dada wa saluni anasema sindano mbili tu, siku tatu, kazi imekwisha.

La shangazi nilimalize haraka. Kulala ubavu mmoja huweza kumwamsha mtu na uso uliovimba na mikunjo ya foronya, lakini saa moja baadaye uvimbe umekwisha. Hakushushi kope kwa miaka. Wala hakuna aliyewahi kulinyanyua kope kwa kutafuna bazoka upande mmoja, kujibandika plasta usiku au kusugua limao. Limao machoni ni njia ya kumtafuta daktari kwa sababu nyingine kabisa.

Sasa hilo jicho lenyewe. Tukisema jicho ni dogo, mara nyingi sana hatuzungumzii jicho. Mboni na weupe wake, yaani tufe zima, lina upana wa takriban milimita 24 kwa mtu mzima, na kulia na kushoto karibu hulingana. Kinachotofautiana ni dirisha. Kope la juu likishuka milimita moja tu, watu watakuambia umechoka. Likishuka mbili, watakuambia jicho limekuwa dogo. Daktari wa macho hupima kwa tochi: anamulika, anatazama ule mng'ao mdogo katikati ya mboni, kisha anapima kutoka hapo hadi ukingo wa kope la juu. Kwa kawaida ni milimita 4 hadi 5. Rula ndogo na tochi vinatosha.

Kabla hata ya rula, weka simu chini. Simu ikiwa sentimita 30 kutoka usoni, kilicho karibu na lenzi hukuzwa, na ukigeuza kichwa kidogo tu, jicho la upande wa mbali hupungua. Kisha kuna suala la kioo. Mwaka 1977 watafiti wa Marekani, Mita na wenzake, waliwaonyesha wanawake picha zao mbili, moja ya kawaida na moja iliyogeuzwa kama kwenye kioo. Wenyewe waliipenda zaidi ile ya kioo, marafiki zao wakaipenda ile ya kawaida. Kila mtu alipenda sura aliyoizoea. Kwa hiyo anayejiona kwenye picha ya harusi na kushtuka kwamba uso umepinda, wageni wake wote wameuona uso huo miaka yote na hawakuona la ajabu. Ukitaka kujipima kwa haki, mtu mwingine akupige picha kutoka mita mbili hivi, kamera ikiwa usawa wa macho, nawe ukiangalia mbele bila kutabasamu.

Hapa ndipo ninapofika kwenye jambo ambalo, nakiri, nikianza kulieleza hunitoka maneno mengi. Msomaji mmoja wa Tanga, mama wa miaka 35, aliniandikia kwamba jicho lake la kulia ni dogo na anataka lipandishwe lilingane na la kushoto. Alipopimwa kliniki, kulia ilikuwa milimita 3, kushoto 5. Tofauti ni 2. Hesabu ya fundi yeyote ingekuwa moja: pandisha la kulia milimita 2, mambo yaishe. Lakini daktari alimtilia tone la fenilefrini jicho la kulia peke yake, akasubiri kama dakika tano, akapima tena. Kulia ilipanda hadi 4. Na kushoto, ambako hakuna aliyegusa kitu, ikashuka hadi 4.

Imekuwaje? Misuli mikuu inayonyanyua kope mbili za juu hupata amri kutoka kiini kimoja cha neva kilichoko katikati ya shina la ubongo. Si viini viwili, kimoja kila upande. Ni kimoja kwa wote. Karne ya 19 mwanasayansi Mjerumani Ewald Hering alieleza kwamba macho mawili hupelekewa amri sawasawa yanapotembea, na kanuni hiyohiyo huonekana kwenye kope. Fikiria nyumba yenye koki kuu moja na mabomba mawili. Bomba la kulia limeziba kidogo, maji yanatoka kwa kusuasua, basi mwenye nyumba anafungua koki kuu zaidi. La kulia linapata nafuu, lakini la kushoto sasa linamwaga kupita kiasi. Ubongo wa mama huyu ulihisi kope la kulia limelegea, ukaongeza amri, na kope la kushoto, ambalo halina tatizo lolote, likavutwa juu kuliko kawaida yake. Fenilefrini huchochea msuli mdogo ulio ndani ya kope, uitwao msuli wa Müller, ambao ndio hutoa macho mtu anaposhtuka. Tone lilipousaidia upande wa kulia, ubongo ukapunguza amri, na la kushoto likarudi mahali pake.

Sasa rudi kwa fundi wetu wa hesabu rahisi. Angepandisha la kulia hadi 5, koki kuu ingefungwa, la kushoto lingeshuka, na mama angetoka chumba cha upasuaji akiwa na jicho kubwa kulia na dogo kushoto. Angerudi kudai la kushoto nalo lipandishwe. Hivyo ndivyo mtu huanza na tofauti ndogo akaishia na macho ya mtu aliyeona nyoka. Kipimo sahihi kilionyesha kwamba kazi iliyohitajika ni milimita moja, upande mmoja.

Pana kidokezo kingine usoni ambacho unaweza kukiona mwenyewe: nyusi. Mwenye kope lililolegea huinyanyua nyusi ya upande huo bila kujua, paji la uso likilisaidia kope kubeba mzigo. Na ndiyo maana nakasirishwa na wale wanaodunga botoksi kwenye paji la uso la kila anayepita mlangoni. Kwa mtu wa namna hii, sindano hiyo humnyang'anya mkongojo. Mikunjo inapotea, nyusi inashuka, na jicho alilolilalamikia linazidi kufunga. Dawa hiyo huanza kuonekana baada ya siku tatu hadi tano, hufikia kilele baada ya wiki mbili hivi, na hukaa miezi mitatu hadi minne. Miezi minne ni mingi kwa bibi harusi.

Si kwamba dawa yenyewe ni mbaya. Ilianzia kwenye macho: daktari Alan Scott wa San Francisco aliitumia kutibu makengeza, na mwaka 1989 Marekani ikaidhinisha itumike kwa makengeza na kope zinazokakamaa, kabla mtu yeyote hajaidhinishiwa kuitumia kuondoa mikunjo. Ubaya ni mkono usiojua misuli, na chupa isiyojulikana ilikotoka. Yuniti za kampuni moja si sawa na yuniti za nyingine, hivyo anayekuambia "nakuwekea kumi kama yule" bila kutaja dawa gani hajui anachopima. Mwaka 2024 huko Marekani, kwenye ukaguzi mkali kuliko wa uchochoroni kwetu, watu katika majimbo kadhaa waliugua baada ya kudungwa bidhaa bandia au kudungwa na wasio na sifa, na wengine walilazwa. Dawa iliyotoka nje ya msuli uliokusudiwa huweza kuleta shida ya kumeza na kupumua.

Tabasamu linafuata mantiki ileile, kwa hiyo nitapita haraka. Ukitabasamu na upande mmoja wa mdomo ukashuka zaidi na kuonyesha meno mengi ya chini, jicho la mtazamaji hulaumu upande mmoja, lakini mara nyingi shida iko upande wa pili: msuli unaoshusha mdomo upande ule hauvuti vizuri. Huwezi kuupa nguvu kwa sindano. Kinachofanyika ni kuupunguza kasi kidogo ule wenye nguvu, kwa kiasi kidogo mno, kisha kungoja wiki mbili kabla ya kuongeza chochote. Daktari makini hulenga kupunguza tofauti, si kuiondoa yote. Ukilinganisha kabisa mdomo uliotulia, utapinda ukianza kuongea, na uso unaoongea ndio watu wanaouona. Anza kwa daktari wa meno pia, kwani jino bovu linalomfanya mtu atafune na kucheka kwa kujihami halitibiwi kwa botoksi.

Kwa macho, ambaye hataki daktari amguse anaweza kufanya mengi kwa wanja, ila si kwa namna ya kawaida ya kupaka pande zote sawa. Wanja mweusi ndani ya ukingo wa chini hulifanya jicho lionekane dogo, kwa hiyo upake kwenye jicho kubwa tu, na dogo uliache wazi. Kwenye kope la juu la jicho dogo, mstari uwe mwembamba sana, uliolala kwenye mizizi ya nywele za kope, kwa sababu mstari mnene hula nafasi ndogo iliyobaki. Kunja nywele za kope katikati, si pembeni. Basi. Na uangalie wanja wenyewe: ule wa unga usio na jina, unaong'aa kama risasi, wakati mwingine ni risasi kweli, na haufai kwa mtu mzima wala mtoto mchanga.

Yapo yanayoondoa suala hili mikononi mwa saluni. Kope lililoshuka ghafla, hasa na maumivu ya kichwa, kuona vitu viwili au mboni zisizolingana, ni dharura ya siku hiyohiyo. Mdomo ulioanguka ghafla pamoja na mkono dhaifu au maneno yanayokwama ni kiharusi mpaka hospitali iseme vinginevyo. Kope linaloshuka zaidi jioni na kupata nafuu baada ya kupumzika huashiria ugonjwa wa misuli kuchoka. Na wakati mwingine jicho lenye ugonjwa ni lile kubwa, linalosukumwa mbele na maradhi ya tezi ya shingoni. Mtoto ambaye kope lake linafunika mboni apelekwe mapema, maana jicho lisilotumika utotoni huweza kusahau kuona.

Ndiyo maana daktari wa yule mama, kabla ya kuzungumzia matibabu, alimwomba picha za zamani. Alirudi na kitambulisho, picha ya kipaimara na moja ya kidato cha nne. Kope la kulia lilikuwa chini kwenye zote tatu, kiasi kilekile. Aliweka miadi ya upasuaji mdogo, kisha akaiahirisha hadi baada ya harusi ya mdogo wake. Tangu hapo hajaniandikia tena kuhusu jicho. Mara ya mwisho aliuliza kuhusu presha.