Taa ya kikasha inawaka, spika haziingizi chaji

Dereva wa bodaboda anayepandisha wageni kutoka mjini Morogoro hadi Morningside hushinda na spika ndogo sikioni, chini ya helmeti. Joto la mjini humtoa jasho, na huko juu ya Uluguru ukungu na manyunyu humlowesha. Jioni anazirudisha spika kwenye kikasha, anaona taa imewaka, analala akijua kesho zitakuwa zimejaa. Asubuhi, spika ya kushoto inazimika kabla hata hajapata abiria wa pili.

Mafundi simu wanaijua kesi hii. Mteja hufika akiapa kwamba kikasha ni kizima kwa sababu taa inawaka, na hapo ndipo anapopotea. Kikasha kina betri yake, na kila spika ina ya kwake, ndogo zaidi. Katika vikasha vingi, taa ya nje inaeleza hali ya betri ya kikasha peke yake. Inaweza kuwaka vizuri kabisa huku spika zilizo ndani hazipati kitu.

Umeme hutoka kwenye kikasha kwenda kwenye spika kupitia pini nyembamba zenye utando wa dhahabu, zilizokaa juu ya springi. Spika nayo ina vidoa vya chuma tumboni, na sumaku ndiyo inayoivuta ikae sawasawa. Njia yote ni hiyo. Nta ya sikio ikiganda kwenye kidoa, au pini moja ikizama isirudi juu, umeme unakatika hapohapo.

Kuna dalili moja inayomaliza nusu ya kazi bila kifaa chochote. Spika ikikaa vizuri ndani ya kikasha na kifuniko kikafungwa, inapaswa kukatika bluetooth kwenye simu. Kama simu bado inaonyesha imeunganishwa, spika haijatambua kwamba imerudi nyumbani, na tatizo karibu kila mara liko kwenye mguso. Dereva wetu atazame upande wa kushoto: aiweke spika, aibonyeze taratibu kwa kidole. Taa yake ikiwaka anapobonyeza na kuzimika anapoachia, jibu limepatikana. Pengine ni uchafu, pengine pini imechoka, pengine amevalisha mpira mkubwa wa sikio usioiacha spika ishuke hadi chini. Spika ikiwa mpya, atazame kwanza kama nailoni ya dukani bado imeziba vile vidoa.

Usafi una utaratibu wake. Kikasha kichomolewe kwenye chaja, nta ikwanguliwe kwa mswaki mkavu au kijiti cha mbao, kisha pini na vidoa vifutwe kwa pamba yenye spiriti kidogo, ile isiyodondoka. Viachwe vikauke kabisa kabla ya kurudishwa. Pini iliyozama isukumwe pembeni taratibu mara kadhaa mpaka springi iachie. Tina ya rangi isitumike, maana inakula plastiki. Msasa ndio mbaya zaidi: unang'arisha leo, lakini unaondoa ule utando wa dhahabu unaozuia kutu.

Jasho ndilo adui mkubwa wa utando huo. Lina chumvi, na chumvi iliyolowa inapopitiwa na umeme wa kuchajia hula chuma kwa kasi. Rangi ya kijani ikionekana kwenye kidoa, shaba ya chini imeshafikiwa; kusafisha kutasaidia kwa muda, kisha tatizo litarudi. Kwa hiyo kuifuta spika kwa kitambaa kikavu kabla ya kuirudisha kuna faida kubwa kuliko dawa yoyote ya baadaye.

Ikiwa mguso ni safi na bado haziingizi, kikasha kichomekwe kwenye chaja spika zikiwa ndani. Zikichaji wakati huo tu, betri ya kikasha ndiyo imechoka: ina nguvu ya kuwasha taa, haina ya kulisha spika. Zisipochaji kabisa, fundi apime pini kwa mita. Vikasha vingi hutoa takribani volti 5, ingawa vingine havitoi mpaka vihisi spika imewekwa, hivyo sifuri peke yake si ushahidi wa kutosha.

Inabaki betri ya spika yenyewe. Iliyokaa kabatini miezi mingi ikiwa tupu hushuka chini ya kiwango chake, na saketi ya ulinzi huifunga. Saa moja au mbili ndani ya kikasha kilichochomekwa huweza kuiamsha. Isipoamka, kuifungua ni kuvunja gundi na kushughulika na betri ndogo inayoweza kuwaka moto ikitobolewa. Kwa spika za bei ya chini, kazi hiyo hailipi.

Basi ukiambiwa ununue kikasha kipya, mwombe fundi kwanza aisafishe ile miguso mbele yako, kisha aweke ndani spika nyingine nzima ya modeli hiyohiyo. Ikichaji, usikilipie kikasha.