Weusi Usiofuta Kitu

Tarehe 8 Januari 2019, mawakili wa Paul Manafort, aliyewahi kuwa mwenyekiti wa kampeni ya Donald Trump, waliwasilisha waraka katika mahakama ya shirikisho mjini Washington. Mwendesha mashtaka maalumu, Robert Mueller, alikuwa amemtuhumu mteja wao kuwadanganya wapelelezi, nao walikuwa wakijibu. Sehemu nyeti walizifunika kwa vipande vyeusi. Waandishi wa habari wakaziteua sehemu hizo, wakazinakili, wakazibandika kwenye ukurasa mtupu, na maneno yakatoka yote, pamoja na tuhuma kwamba Manafort alimpa mshirika wake Konstantin Kilimnik takwimu za kura za maoni zilizohusu kampeni ya 2016. Udukuzi haukuhitajika hata kidogo.

Siri ya jambo hili imo katika namna PDF inavyotengenezwa. Ukurasa wake ni mfululizo wa maagizo ambayo programu huyatekeleza moja baada ya jingine kila faili linapofunguliwa. Chukua taarifa ya benki ambayo mwenye akaunti ameficha salio kabla ya kumtumia mwenye nyumba. Ndani ya faili huenda kukawa na mistari kama hii:

```
BT /F1 12 Tf 72 700 Td (Salio: 4,250,000) Tj ET
0 g 70 696 130 16 re f
```

Mstari wa kwanza unaandika salio. Wa pili unachora mstatili mweusi mahali palepale. Jicho linaona mstatili kwa kuwa umechorwa baadaye, lakini agizo la kwanza halijaguswa, na anayetafuta maandishi ndani ya faili atalikuta kama lilivyokuwa.

Kukata nako kuna mtego wake. Mtu akikata ukingo wa ukurasa wa PDF, mara nyingi programu hubadilisha tu vipimo vya eneo la kuonyeshwa, na kilichokatwa hubaki nje ya dirisha kikisubiri vipimo virudishwe. Picha iliyokatwa ndani ya Word au PowerPoint nayo hubaki nzima mpaka mwenyewe aingie kwenye `Compress Pictures` na kuchagua `Delete cropped areas of pictures`. Ni watu wachache wanaofika huko.

Katika simu za Pixel za Google, kosa lilikuwa la programu yenyewe. Mwezi Machi 2023 watafiti Simon Aarons na David Buchanan walieleza kwamba kihariri cha picha za skrini kiliandika picha mpya juu ya faili la zamani bila kukata mkia wake. Picha iliyopunguzwa ilikaa mwanzoni, mabaki ya ile ya awali yakabaki nyuma yake. Programu za kutazama picha husimama zikifika alama ya mwisho, kwa hiyo mkia haukuonekana, ila sehemu yake kubwa iliweza kurejeshwa. Google ilitoa marekebisho, lakini hayakuzisafisha picha zilizokwisha kusambazwa.

Dawa ya PDF ni kuubapaza ukurasa: kuugeuza kuwa picha tupu, yenye safu moja ya pikseli, ambamo chini ya weusi hamna kitu. Hapa wengi hukosea, kwa sababu baadhi ya programu zina kitufe cha `Flatten` ambacho huunganisha tu mstatili na ukurasa huku maandishi yakibaki chini. Kuchapisha upya kwenda PDF kunaweza kuyahifadhi vilevile. Kwenye kompyuta ya Linux, kazi halisi inafanywa hivi:

```
pdftoppm -r 200 -png taarifa.pdf ukurasa
img2pdf ukurasa-*.png -o safi.pdf
pdftotext safi.pdf -
```

Amri ya kwanza hugeuza kurasa kuwa picha, ya pili huzifunga kuwa PDF mpya, na ya tatu ni jaribio: isipotoa neno lolote, hakuna maandishi yaliyobaki ya kunakiliwa. Asiyependa amri ana LibreOffice, ambayo kifaa chake cha `Redact` husafirisha kurasa zikiwa picha. Kwenye simu, njia rahisi ni kufungua waraka uliokwisha kufunikwa, kuupiga picha ya skrini, na kutuma hiyo picha badala ya faili lenyewe. Gharama yake ni faili zito ambalo maneno yake hayatafutiki.

Kalamu ya kufunikia nayo ichaguliwe kwa makini. Ile ya kukolezea maandishi huacha mwanga upite, na weusi wake ukiongezewa mwangaza namba hujitokeza tena, hata kama picha imebapazwa, maana tofauti ndogo za rangi zimo ndani ya pikseli zenyewe. Mstatili mzito ni salama zaidi, na ni vizuri uwe mpana kuliko neno linalofichwa: kipande kinachobana jina barabara kinafichua urefu wake, na msomaji mwenye orodha ya majina matano huenda akalikuta moja tu linaloenea.