Boriti Haianguki kwa Jeraha Moja

Fundi anapokunja nondo za ringi benchini, mkono wake hupitia hatua mbili. Mwanzo nondo humkatalia, na akilegeza bomba la kukunjia inarudi ilivyokuwa. Akikaza zaidi, inakubali ghafla, na kuanzia hapo inageuka kwa nguvu karibu ile ile. Nondo yote imebaki imenyooka. Kilichopinda ni kipande kifupi cha vidole viwili vitatu.

Kipande hicho ndicho wahandisi wanachokiita bawaba plastiki. Usiifananishe na bawaba ya mlango iliyotiwa mafuta. Ni ile iliyoshika kutu, inayogeuka huku ikiendelea kung'ang'ana.

Mwaka 1914, mhandisi Gábor Kazinczy wa Hungaria alichapisha matokeo ya majaribio yake juu ya boriti za chuma zilizojengewa ndani ya kuta pande zote mbili. Hesabu za wakati ule zilihukumu boriti pale chuma kilipoanza kulegea mahali popote. Kazinczy aliona vingine: boriti ya namna hiyo haianguki mpaka sehemu tatu zilegee.

Tuchukue boriti moja tuifuate hadi mwisho wake. Ni chuma cha umbo la I cha aina ya IPE 300, chenye kimo cha milimita 300, urefu wa mita 6, ncha zote mbili zimebanwa zisigeuke. Chuma chake huanza kulegea mkazo ukifika nyutoni 275 kwa kila milimita ya mraba. Mzigo umetandazwa sawasawa juu yake.

Mwanzoni ncha ndizo zinazoumia zaidi. Momenti ya kupinda pale ni wL²/12, w ikiwa mzigo kwa kila mita na L urefu wa boriti, wakati katikati ni nusu yake, wL²/24. Mzigo ukifika kilonyutoni 51 kwa kila mita, ngozi ya juu na ya chini ya chuma penye ncha huanza kulegea. Ukifika karibu 58, kulegea kumepenya kimo chote, na ncha zimekuwa bawaba. Kila moja inashikilia kilonyutoni-mita 173, uwezo wake wote, tuuite Mp; basi, haiongezi tena.

Katikati wakati huo ndiyo kwanza imebeba nusu ya uwezo wake. Mzigo unaoongezwa sasa unaipinda boriti kana kwamba imeegeshwa tu juu ya kuta, mpaka katikati nayo ifikie 173. Hapo bawaba ya tatu inazaliwa na boriti inashuka. Hesabu yake ni fupi: kimo cha mchoro wa momenti, wL²/8, lazima kiwe sawa na uwezo wa ncha ukijumlishwa na wa katikati, yaani 2Mp. Mzigo wa kuangusha ni basi 16Mp/L², ambao hapa ni kilonyutoni 77 kwa mita.

Kutoka 51 hadi 77 ni mara moja na nusu. Nyongeza ya theluthi moja, kutoka 58 hadi 77, imetokana na ncha kubanwa. Iliyobaki imetokana na umbo la chuma chenyewe, nalo lina mtego wake.

Kipimo cha umbo ni uwiano wa momenti ya kulegea kote na ile ya kulegea mwanzo. Kwa mstatili ni 1.5 kamili, kwa IPE 300 ni 1.13 hivi. Msomaji wa haraka atasema mstatili ni bora. Haya, uzito ule ule wa chuma tuufanye bamba la milimita 300 kwa 18, tulishikilie lisipinde kando. Litaanza kulegea kwenye kilonyutoni 25 na kuanguka karibu na 50. Limejiongeza maradufu, na bado halijafika pale chuma cha I kilipoanza tu kulegea! Kipimo hiki hakisemi nani ana nguvu. Kinasema nani alikuwa na chuma kingi kilichokaa bure karibu na mstari wa kati, kikingoja zamu. Umbo la I limepeleka chuma chake kingi juu na chini, kwa hiyo akiba yake ni ndogo.

Na ukuta mmoja ukititia kidogo? Momenti za mwanzo zitavurugika, ncha moja italegea mapema, lakini mzigo wa kuangusha utabaki 77. Mimi jambo hilo hunifurahisha kuliko yote katika somo hili.

Masharti yapo, hata hivyo. Bawaba za ncha lazima ziendelee kugeuka bila kupoteza nguvu huku zikiingoja ya katikati. Bapa la chuma cha I likiwa jembamba mno hujikunja mawimbi na kuachia. Boriti isiposhikiliwa hukwepa kando. Maabara huweza kupaka chuma chokaa kabla ya kukipakia: pale kinapolegea, chokaa hubanduka kwa mistari ya mshazari, na bawaba inaonekana kwa macho. Kinachonitisha zaidi ni boliti na ulehemu wa nchani. Ukikatika kabla ya 173, hakuna kubanwa tena, na boriti ile ile itaanguka kwa kilonyutoni 38 tu kwa mita, nusu ya tuliyohesabu.